Kapsheni ya darasa la lugha la jioni: fupi, ndefu, au ya levo moja moja? Ulinganisho kwa wenye vituo

Wenye vituo vya lugha, najua msimu wa Januari ukikaribia mambo yanakuwaje. Mwalimu yupo, chumba kipo, bango limeshachorwa na yule kijana wa grafiki, alafu mtu anakaa na simu mkononi nusu saa nzima hajui kapsheni aanze vipi, mwisho anaandika "Karibuni nyote darasa la jioni, bei njoo inboksi" na kuposti. Kesho yake komenti zote ni "bei?" "wapi?" "saa ngapi?" na yeye anaanza kujibu mmoja mmoja.

Mi naandika kapsheni za biashara ndogo ndogo hapa Dar, vituo vya lugha vikiwemo, na swali ninaloulizwa sana ni lile lile: niandike fupi, niandike ndefu yenye kila kitu, au nigawanye kila levo iwe na posti yake? Zote tatu zinafanya kazi, ila hazifanyi kazi kwa kituo kimoja na kingine sawasawa. Kwahiyo nimeziweka zote kwenye mzani mmoja, na nimetumia kituo kimoja cha mfano ili tusiongee hewani.

Kituo chenyewe

Tuseme kipo Posta, kinafundisha Kijerumani jioni kwa watu wanaotoka kazini. Kina levo tatu, A1, A2 na B1. Siku ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 12:00 jioni mpaka 2:00 usiku. Ada nimeipigia hesabu ya shilingi 5,000 kwa saa. A1 ni jioni 36, yaani saa 72, inakuja 360,000. A2 ni jioni 48, 480,000. B1 nayo jioni 48, 480,000. Kuanza ni Jumatatu tarehe 11 Januari 2027. Bei hizo ni za mfano, we weka zako, ila hizo jioni sijaziokota tu na nitaeleza kwanini.

Ninazipima kapsheni kwa vitu vitano

Cha kwanza ni mstari wa mwanzo. Instagram inaonyesha kama herufi 125 hivi, alafu inakata mpaka mtu abonyeze kuona zaidi, na wengi hawabonyezi. Chochote ulichokificha chini ya hapo ni cha wale ambao tayari wameshavutika.

Cha pili ni levo. Mtu mzima anayefanya kazi benki au hospitali mara nyingi hajui A1 ni nini, na ukimwambia "A1 mpaka B1" tu anapita. Anachotaka kujua ni je, mimi niliyesoma kidogo miaka mitatu iliyopita nakaa wapi?

Cha tatu ni ada, na hapa namaanisha ada yote. Kitabu kimo au hakimo, mtihani umo au haumo, awamu zipo au hamna. Januari wazazi wana ada za watoto, sare, madaftari, kodi ya nyumba, kwahiyo mtu anaweza kuwa na nia kabisa na laki tatu na sitini ya mkupuo hana, ila laki na ishirini anayo.

Cha nne ni tarehe na saa, na hiki ndo kinaharibu kapsheni nyingi kuliko watu wanavyodhani, nitakirudia.

Cha tano ni kazi inayobaki baada ya kuposti. Nani anajibu, anajibu saa ngapi, na kitu kikibadilika unakirekebishaje.

Kabla hatujaenda mbele, tarehe na saa

Hii inazihusu kapsheni zote tatu kwahiyo naimaliza hapa. Ukiandika "6:00 - 8:00" peke yake, nusu ya wasomaji wako wanasoma saa sita mpaka saa nane mchana na wanasema ah, muda wa kazi huo. Andika saa 12:00 jioni mpaka 2:00 usiku, maneno "jioni" na "usiku" yawepo. Tarehe nayo usiandike 11/1, kuna mtu ataisoma tarehe moja mwezi wa kumi na moja, andika Jumatatu 11 Januari 2027, na mwaka uwepo hata kama unaona ni dhahiri, maana mabango ya vituo yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hata baada ya darasa kuisha na mtu anapiga simu kuulizia darasa la mwaka juzi.

Alafu angalia kalenda kabla hujaahidi "wiki 12". Kwa kituo chetu cha mfano, tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, bahati nzuri ni Jumanne haitugusi. Ramadhani ya 2027 inategemewa kuanza kama tarehe 8 Februari, yaani inaingia darasa likiwa wiki ya tano, na Dar jua mwezi huo linazama kwenye saa moja kasoro, katikati kabisa ya kipindi. Idi inaangukia kama tarehe 9 au 10 Machi, hapo jioni moja au mbili zinakwenda. Jumatatu ya Pasaka ni 29 Machi, nyingine hiyo. Sasa uliyeandika "wiki 12" unajikuta unadaiwa masomo. Ukiandika "jioni 36" mwanafunzi anajua analipia nini, na wewe una nafasi ya kusogea mpaka Aprili bila mtu kusema umemdhulumu.

Na futari iseme wazi kwenye kapsheni. Kituo chetu kinatoa mapumziko ya nusu saa kwa futari na kumaliza 2:30 usiku mwezi huo. Mtu anayefunga akiona hilo anajua umemfikiria, asipoliona anasubiri darasa la baada ya Idi na pengine harudi.

Chaguo la kwanza: fupi inayompeleka mtu WhatsApp

Inakuwa hivi:

> Kijerumani jioni baada ya kazi, A1 mpaka B1. Tunaanza Jumatatu 11 Januari 2027, Posta. Ada na ratiba WhatsApp.
> Linki ipo kwenye bio.

Mstari wa mwanzo: hapa inashinda bila kutoka jasho, mstari mzima wa mwanzo unaonekana bila kubonyeza kitu. Inafaa hata kwenye stetasi ya WhatsApp ambayo watu wanaipitisha kwa kidole gumba.

Levo: dhaifu. Anayejua A1 ni nini ameelewa, asiyejua hajaambiwa kitu. Ukiwa na nafasi ya maneno matatu zaidi andika "A1 kwa asiyejua kabisa", inasaidia sana.

Ada: haipo, na hapa ndo ugomvi ulipo. Watu wamechoka na bei ya inboksi, wengine wanaamini ukificha bei basi ni kubwa au unampima mtu kwa mavazi ya picha yake. Lakini tusiwaonee wote wanaofanya hivi, kuna vituo ambavyo kweli bei inategemea, mfano kampuni inaleta wafanyakazi wake wanane kwa pamoja, au mtu anataka mwalimu peke yake ofisini kwake. Kwa hao bei moja kwenye kapsheni ingekuwa uongo. Njia ya katikati ipo, andika "ada kuanzia 360,000", angalau mtu anajua anaongelea laki ngapi kabla hajaanza kuchati.

Tarehe: ipo, safi. Saa haipo, na kwa mtu wa Mbagala au Kimara anayepiga hesabu ya foleni au mwendokasi, saa ndo kila kitu. Iongeze kama inaingia.

Kazi inayobaki: nyingi sana. Wafanyakazi wanapitia simu zao usiku, saa tatu, saa nne, watoto wameshalala. Akituma ujumbe saa 4 usiku na wewe ukamjibu kesho saa 3 asubuhi yuko kwenye kikao, joto limeshapoa. Kapsheni hii inataka mtu wa kujibu usiku, au angalau majibu ya haraka yaliyohifadhiwa kwenye WhatsApp Business, ratiba na ada vikiwa vimeandikwa tayari, unagonga tu vinaenda.

Kuna ujanja mmoja unaoifanya kapsheni fupi iwe na nguvu kuliko inavyoonekana. Linki ya WhatsApp unaweza kuiwekea ujumbe tayari, mtu akibonyeza anakuta sentensi imeshaandikwa, yeye anatuma tu:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nataka%20ratiba%20ya%20A1%20jioni
```

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri, na ile %20 ni nafasi kati ya neno na neno. Ukiiweka kwenye bio ya Instagram au ndani ya posti ya Facebook inabonyezeka. Ukiibandika ndani ya kapsheni ya Instagram haibonyezeki, inakuwa maandishi tu, na naona vituo vingi vinafanya hivyo alafu wanashangaa kwanini hakuna anayeingia.

Chaguo la pili: ndefu yenye kila kitu

> Kijerumani jioni baada ya kazi, Posta Dar. A1 inaanza Jumatatu 11 Januari 2027, saa 12:00 jioni. Ada 360,000.
>
> SIKU: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 12:00 jioni mpaka 2:00 usiku. Levo zote zinaanza siku moja.
>
> A1, hujui kitu kabisa: jioni 36, ada 360,000
> A2, umemaliza A1: jioni 48, ada 480,000
> B1, umemaliza A2: jioni 48, ada 480,000
>
> Ulisoma zamani na hujui uko wapi? Njoo Jumamosi 9 Januari saa 4 asubuhi upimwe levo, bure.
>
> MALIPO: awamu tatu zilizo sawa, ya kwanza kabla ya kuanza, ya pili 1 Februari, ya tatu 1 Machi. Kwa A1 ni 120,000 kila awamu.
> HAVIMO kwenye ada: kitabu (40,000) na ada ya mtihani.
>
> Ramadhani kuna nusu saa ya futari, tunamaliza 2:30 usiku. Jioni ikiangukia sikukuu inafidiwa.
>
> Watu 14 tu kwa darasa. Kujiandikisha: WhatsApp, linki kwenye bio.

Mstari wa mwanzo: unafanya kazi kwa sababu umeandikwa kama kapsheni fupi inayojitegemea, una lugha, mahali, tarehe, saa na bei ndani ya zile herufi 125. Wanaokosea kapsheni ndefu huwa wanaanza na "Je, wajua kujifunza lugha mpya kunafungua fursa nyingi duniani..." na herufi zote za kuonekana zinaishia hapo, darasa lenyewe liko chini huko kwa waliobonyeza. Instagram inakupa herufi 2,200 jumla, hii ya juu haifiki hata nusu, kwahiyo nafasi sio tatizo, tatizo ni kipi kinatangulia.

Levo: vizuri. Kila levo ina maelezo ya maneno machache ya nani anakaa pale, na yule wa "nilisoma zamani" amepewa siku ya kupimwa. Ukiwa mkweli hapa ongeza na idadi ya jioni, maana ndo inaonyesha kazi iliyopo. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, wanasema kufikia mtihani wa A1 mtu anahitaji vipindi kati ya 80 na 200 vya dakika 45, kufikia A2 jumla iwe 200 mpaka 350, na B1 350 mpaka 650, inategemea mtu ameanzia wapi na anajifunza kwa kasi gani. Jioni yetu ya saa mbili sio kipindi kimoja, ukiikata kwa dakika 45 inatoa vipindi viwili na kitu. A1 yetu ya saa 72 ni vipindi 96. Ongeza A2, vipindi 128, unafika 224. Ongeza B1, vingine 128, unafika 352. Umeona, kila levo tumeingia mlangoni tu mwa kile kiwango cha chini, kwahiyo mtu anayetaka kufaulu bado atasoma nyumbani. Na kwa jioni tatu kwa wiki, jioni zote 132 ni wiki 44 bila kupumzika hata wiki moja. Sasa ukiona kapsheni ya jioni inaahidi "B1 ndani ya miezi mitatu", piga hesabu mwenyewe.

Ada: hapa ndefu ndo inapata alama zote. Imesema kilichomo, imesema kisichomo, awamu zimepewa tarehe karibu na mishahara inapoingia. Ule mstari wa mtihani usiache kabisa. Mtihani wa Goethe unalipiwa peke yake, na mtu aliyedhani laki tatu na sitini ni mpaka cheti atakuja kukuona mwezi wa tatu na sura nyingine.

Tarehe: kamili, na saa, na futari, na fidia.

Kazi inayobaki: maswali yanapungua sana, wanaokuja WhatsApp wanakuja kuuliza namba ya kulipia. Ila kuna kazi nyingine ya kimya kimya, kila kinachobadilika lazima ukihariri. Instagram inakuruhusu kuhariri kapsheni baada ya kuposti lakini picha huwezi kuibadilisha, kwahiyo vitu vinavyoyumba kama ada za awamu na siku ya kupima levo viweke kwenye kapsheni, bango libaki na lugha, mahali, namba ya simu na tarehe ya kuanza yenye mwaka. Bango likipigwa skrinshoti kapsheni inabaki nyuma, na hilo bango peke yake linatakiwa limfikishe mtu kwako.

Ubaya wa ndefu ni kwamba inachosha macho kwa mtu asiye na shida nayo. Muuguzi anayetafuta B1 inabidi apite A1 na A2 kwanza. Kwenye stetasi ya WhatsApp ndo kabisa, inakuwa ukuta wa maandishi juu ya picha.

Chaguo la tatu: levo moja moja

Hapa unaposti mara tatu kwa siku tofauti, kila posti inaongea na mtu mmoja. Ya A1:

> Hujui Kijerumani hata salamu? A1 ya jioni inaanza Jumatatu 11 Januari 2027, saa 12:00, Posta Dar. Ada 360,000.
>
> Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, saa 12:00 jioni mpaka 2:00 usiku, jioni 36. Ukimaliza unajitambulisha, unauliza njia, unaelewa mazungumzo mafupi na unajaza fomu ndogo.
> Inawafaa wanaokwenda kuungana na mume au mke Ujerumani, maana kwa kawaida wanaombwa A1.
> Awamu tatu za 120,000. Kitabu 40,000 na mtihani havimo.

Na ya B1:

> Una A2 na unataka Ausbildung? B1 ya jioni inaanza Jumatatu 11 Januari 2027, saa 12:00, Posta Dar. Ada 480,000.
>
> Jioni 48. Tunapima levo kwanza, Jumamosi 9 Januari saa 4 asubuhi, bure.
> Wauguzi: mara nyingi mtaombwa B2 ili cheti chenu kitambulike kule, B1 ni hatua ya kabla yake.
> Awamu tatu za 160,000. Kitabu na mtihani havimo.

Mstari wa mwanzo: unagusa mhusika moja kwa moja, yule anayetafuta Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi kule Ujerumani, anaona neno lake na anasimama, na anayeanza kabisa anaona kumbe hata salamu haihitajiki.

Levo: hapa hakuna wa kuipita. Una nafasi ya kusema levo inamfikisha mtu wapi na inamhusu nani, na pia haimfikishi wapi, kama ule mstari wa wauguzi. Mstari ule utakupunguzia wanafunzi wawili watatu leo, na utakuokoa na kesi ya mtu aliyemaliza B1 akaambiwa huko mbele haitoshi.

Ada: ipo, na haichanganyi kwa kuwa ni moja. Kasoro ni kwamba mtu hajui safari nzima inagharimu kiasi gani. Kwa mwenye mpango wa B1 kutoka sifuri ni 360,000 na 480,000 mbili, jumla 1,320,000 bila vitabu na mitihani, na anastahili kulijua hilo mapema. Sentensi moja chini ya posti ya A1 inatosha.

Tarehe: ipo kila posti, na hapo ndo hatari yenyewe. Mkisogeza kuanza kwa wiki moja, posti tatu zinatakiwa kuhaririwa, ukisahau moja una madarasa mawili ya tarehe mbili na mtu wa Kigamboni amepanda pantoni bure.

Kazi inayobaki: ndo kubwa kuliko zote upande wa kuandaa, mabango matatu, kapsheni tatu, siku tatu za kuposti. Upande wa kujibu ni ndogo, maana ukiwa na linki yenye ujumbe wa kila levo unajua aliyekuja katokea posti gani. Instagram inakuruhusu kubandika posti tatu juu kabisa ya ukurasa wako, na levo ni tatu, kwahiyo mtu akiingia anaziona zote zimejipanga. Ukiwa na levo tano hesabu hiyo inaharibika.

Nani achukue ipi

Kituo chenye mwalimu mmoja ambaye ndo huyo huyo anafundisha, anashika simu na kufungua geti, namshauri ndefu. Saa 12 mpaka 2 usiku yuko darasani, hawezi kujibu "bei?", na wanaouliza wengi ndo muda huo huo. Kapsheni ijibu badala yake.

Kituo chenye mtu wa mapokezi anayekaa na simu mpaka usiku, na chenye bei tofauti tofauti za makampuni na watu binafsi, fupi inawatosha, ila wasiache ile "kuanzia". Fupi pia ndo ya stetasi kwa kila mtu, hata uliyechagua ndefu Instagram, stetasi inapotea baada ya saa 24 na hakuna anayeisoma kwa tuo.

Kama wanafunzi wako ni makundi yasiyofanana, wenza wa ndoa huku, wauguzi kule, vijana wa Ausbildung pembeni, levo moja moja italipa hiyo kazi ya ziada. Kama wote ni wa aina moja, mfano kituo kinafundisha Kiingereza cha ofisini na wengi wanaanza katikati, usijitese na posti tatu, levo zinaweza kukaa kwenye kapsheni moja na siku ya kupimwa ikapewa mstari wa pili.

Wanaofungua kituo kwa mara ya kwanza na hawajui nani atakuja, waanze na ndefu wasome maswali ya WhatsApp kwa msimu mmoja. Maswali yakiwa mengi ya "mimi nina A2 ya zamani" au "mimi nesi", msimu ujao mnagawanya. Maswali yakiwa "mko wapi hasa" na "gari naacha wapi", shida haikuwa levo, ongezeni jina la mtaa na jengo lililo jirani kwenye mstari wa mwanzo, hata kama itabidi neno lingine litoke.

Na yoyote uliyochagua, darasa likijaa usifute posti. Hariri ule mstari wa mwanzo tu: "A1 ya Januari IMEJAA. Inayofuata inaanza Jumatatu 19 Aprili 2027, saa 12:00 jioni, ada 360,000, tunaandika majina." Posti ina komenti na watu waliokwisha kuihifadhi, na wanaochelewa huwa ndo wale wale wafanyakazi waliokuwa wanasubiri mshahara.